Kupanga marekebisho ya kazi na mfanyakazi mwenye ulemavu mpaka karatasi ikasainiwa: kisa cha karani wetu wa mzani Mtwara

Huku Mtwara msimu wa korosho unachangamka Oktoba, na Oktoba hiyohiyo, kama tarehe 20 hivi, jua la saa sita linakaa juu ya utosi kabisa mpaka kivuli chako unakitafuta chini ya viatu. Mi ndo mtu wa ofisi kwenye ghala moja huku, mikataba yangu, mahudhurio yangu, mishahara yangu, hata funguo za choo ninazo mimi. Na karani wetu wa mzani ni kijana mwenye ualbino. Mwongozo huu ni wa namna ya kukaa na mtu kama yeye mkapanga kazi irekebishwe vipi, halafu mkaandika mlichokubaliana. Nimeamua kutumia kisa kimoja tu maana kila ulemavu una mambo yake, ila mpangilio wa mazungumzo na wa karatasi unaweza kuuchukua ukafanyia kazi kwako.

Nianze na nilivyoharibu. Mwaka wa kwanza nilimwonea huruma, nikamtoa kwenye mzani nikamweka ndani stoo ahesabu magunia, sikumuuliza kitu. Nikajiona nimefanya la maana. Kumbe wanaobaki jioni kulipwa ovataimu ni timu ya mzani peke yake, kwa hiyo huruma yangu ilimkata hela msimu mzima. Na huko stoo kwenyewe alikuwa amekaa anatazamana na mlango mkubwa, mwanga wa nje unampiga machoni, akawa haoni vizuri kuliko alipokuwa nje. Hakusema neno. Nilikuja kuyasikia Februari, tena kwa mtu mwingine. Msimu uliofuata akarudi mzani.

Kabla hujamwita

Nenda ukaitazame kazi kwanza. Mi nilikaa pale kwenye mzani nusu siku na daftari nikaandika anachokifanya mkono kwa mkono: anapokea karatasi ya dereva, anasoma namba ya gari, gunia linawekwa, anasoma kilo kwenye kioo cha mzani, anaandika, anapiga kelele "toa", linakuja lingine. Jioni anapeleka karatasi ofisini zinaingizwa kwenye kompyuta. Hicho ndo kitu mtakachozungumza. Ukiingia kwenye kikao huijui kazi yake utaishia kuzungumzia mwili wake, na hapo umeshapotea.

Toa na mkataba wake uusome: saa, sehemu ya kazi, malipo. Halafu umwone bosi mwenye hela mapema umuulize una uwezo wa kuamua mpaka shilingi ngapi bila kurudi kwake. Hii watu wengi wanairuka, matokeo yake kila mfanyakazi akitaja kitu unajibu "ngoja nitaulizia", na baada ya "nitaulizia" ya tatu anafunga mdomo. Mi nilipewa laki tatu. Tulitumia pungufu ya hapo.

Kitu kimoja usiende nacho ni majibu. Unaweza kuwa na mawazo kichwani, sawa, ila yaache humo mpaka yeye amalize kuongea.

Kumwita na mahali pa kukaa

Mwambie siku mbili tatu kabla, na mwambie ni kuhusu nini. Huku kwetu mtu akiambiwa tu "kesho ofisini saa tatu" halali, anajua anaachishwa. Mi nilimwambia hivi: "Kaka, Alhamisi nataka tukae nusu saa tuzungumze kazi ya mzani, wapi inakubana na wapi tunaweza kuibadilisha. Hakuna kosa. Ukitaka kuja na mtu wako, mwenzako wa kazi au wa chama, njoo naye." Yeye alikuja na mzee mmoja wa timu ya upakuaji anayemwamini. Wengine wanaweza kutaka mtu kutoka Chama cha Watu wenye Ualbino, au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, hiyo ni juu yake. Kwa mfanyakazi kiziwi mkalimani wa lugha ya alama anatafutwa na kulipwa na wewe, usimwambie aje na mdogo wake.

Saa chagua asubuhi, asije katoka juani kachoka. Na kiti: mwenye ualbino macho yake yanaumizwa na mwanga, kwa hiyo mkalishe dirisha liwe mgongoni kwake. Ukimkalisha analitazama dirisha atakuwa anakuona kivuli tu, uso wako hauoni, na atakaa kakunja sura muda wote we unadhani kakasirika. Funga mlango, simu zima.

Kuongea kwenyewe

Salamu usizikimbize. Nyumbani, watoto, mama anaendeleaje, shamba limepaliliwa. Halafu ingia.

Jiandae, jibu la kwanza litakuwa "bosi, mi sina shida". Karibu kila mtu anajibu hivyo, na hana maana kwamba hana shida, ana maana kwamba anaogopa akitaja shida ataambiwa basi kazi hii huiwezi. Ukimjibu "sawa kama huna shida" mmemaliza kikao dakika ya nne na hujapata kitu. Mi nilimjibu hivi: "Kazi yako hapa haina mjadala, hiyo nakwambia mbele ya mzee. Mwaka jana nilikuhamisha bila kukuuliza, nilikosea. Hebu nipitishe siku yako, gari la kwanza limeingia, unaanzaje?"

Akaanza kusimulia. Kila hatua nikawa namuuliza maswali yaleyale mawili, hapa inakuwaje, na ukibanwa hapa huwa unafanyaje. Hilo la pili ndo lenye mali. Watu wenye ulemavu wameshajitengenezea mbinu zao siku nyingi kabla hujawaza kuwasaidia, na marekebisho mazuri mara nyingi ni kuifanya mbinu yake iwe halali na iwe rahisi. Kumbe yeye alikuwa akitoa simu anapiga picha kioo cha mzani halafu anaivuta picha ikubwe, ila supavaiza alikuwa akimfokea anachezea simu kazini.

Maswali ambayo sikuuliza: kwenu mko wangapi hivyo, ulizaliwa lini hivyo, daktari anasemaje, mkeo yukoje. Hayana msaada kwenye mzani. Cheti cha daktari usikimbilie kukidai, hasa kama jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Ikitokea kweli unahitaji maoni ya kitaalamu, andika barua ya kuuliza kazi: anaweza kusoma herufi za ukubwa gani, akae juani muda gani, anahitaji kurudi kliniki mara ngapi. Jina la ugonjwa si lazima ulijue. Na maneno jamani, "zeruzeru" usiliseme hata kwa utani, sema mtu mwenye ualbino.

Yaliyotoka kwenye nusu saa hiyo (ikawa saa nzima) yalikuwa mawili makubwa na kimoja kidogo ambacho peke yangu nisingekiona hata miaka kumi.

La kwanza macho. Wengi tunajua ualbino ni ngozi, tunasahau macho. Ile rangi inayokosekana kwenye ngozi inakosekana na ndani ya jicho, mwanga unaingia mwingi, na sehemu ya jicho inayoona vitu vidogo haikukomaa vizuri, ndo maana mboni zinachezacheza na vya mbali havioni. Miwani inasaidia kiasi lakini hairudishi macho yakawa kama ya mwingine, kwa hiyo "si akapime miwani" haimalizi habari. Kioo cha mzani wetu kilikuwa juu ya nguzo, hatua tatu kutoka anaposimama, namba nyekundu, jua likipiga zinafifia. Namba za aina ile zimejengwa kwa vijiti saba, kijiti kimoja kikififia nane inakuwa sita, au nane inaonekana sifuri. Gunia la kilo 88 linaandikwa 80. Sasa kwenye korosho kilo nane ni ugomvi, mkulima anakuja na wajomba zake.

La pili ngozi. Saa mbaya ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na msimu wetu magari ndo yanaingia saa hizohizo. Kepu tuliyompa ya kampuni inafunika paji la uso tu, masikio na shingo viko nje. Na kivuli cha turubai hakitoshi kama sakafu ni ya saruji nyeupe au mchanga, mionzi inagonga chini inarudi juu, unaungua ukiwa kivulini. Kwa mwenye ualbino kuungua leo na kesho na keshokutwa ndo njia ya saratani ya ngozi, siyo suala la kupata weusi likaisha.

Kile kidogo: karatasi ya dereva huwa ina nakala tatu za kaboni, na yeye alikuwa akipewa ya tatu, ile ya buluu iliyofifia. Hata mimi siioni vizuri ile. Dawa yake ikawa apewe ya juu, asaini, ya juu ibaki kwake. Shilingi sifuri.

Kupanga: anza na vya bei rahisi, na jaribuni kabla ya kuandika jumla

Kwa kila tatizo nilimuuliza yeye kwanza angependa iweje, ndo nikaongeza langu. Ukiwa umekwama pitia hivi: tubadilishe kifaa, au sehemu, au saa, au nani anafanya. Hilo la mwisho liache mwisho kweli, kumwondolea mtu kazi ndo rahisi kwa meneja na ndo linalomuumiza mfanyakazi kuliko yote, si nimeshakwambia yangu.

Kioo cha mzani fundi alikishusha usawa wa macho, akakigeuza kisitazame jua na kukiwekea kibati cha kivuli juu kama kofia. Waya ulitosha, tulilipa fundi shilingi 40,000. Ukiwa na mzani uliopigwa mhuri wa Wakala wa Vipimo usimwache fundi wa mtaani afungue sanduku lenyewe au akate lakiri, anahamisha kioo tu, ukihitaji zaidi ya hapo waite wanaohusika. Simu ikawa ruksa kwa kupiga picha namba, ikaandikwa kabisa kwamba ni kifaa cha kazi. Na mpakuaji mmoja akawa anasoma namba kwa sauti, karani anairudia, ndo inaandikwa. Hii ikasaidia hata siku ambazo yeye hayupo, maana wenye macho mazima nao wanakosea, ila hawakuwa wanaulizwa.

Kwenye kompyuta hatukununua kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `+` kioo cha kukuza kinafunguka, Windows pamoja na `-` unapunguza, Windows pamoja na `Esc` unafunga. Kwenye Excel shika `Ctrl` zungusha gurudumu la mausi. Skrini tukaigeuza isipokee mwanga wa dirisha. Fomu za kuandika kwa mkono tukazichapa upya na mistari mipana, na kalamu nyeusi ya wino mzito badala ya buluu.

Kwenye saa hapa nilijifunza. Mi nilikuja na wazo langu zuri sana, aanze saa kumi na moja alfajiri amalize mapema kabla ya jua kali. Akanyamaza. Mzee akakohoa. Nikauliza nini, ndo akasema, bosi saa kumi na moja nitoke nyumbani saa kumi, giza, sioni njia, na mtu kama mimi kutembea gizani peke yangu mama yangu atalala? Hilo sikuliwaza kabisa. Tena hata kwa hesabu lilikuwa bovu, sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi na kila saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo ningempa mzigo na hela sijaipangia.

Tulichokubaliana ni kubadilishana: saa 1 mpaka saa 4 asubuhi yuko mzani, saa 4 mpaka saa 10 yuko ofisini anaingiza kilo kwenye kompyuta na yule dada wa kompyuta anashika mzani, saa 10 anarudi mzani mpaka saa 11. Hapo katikati ana saa nzima ya kula. Zinatoka saa 9 kwa siku, siku tano ni saa 45, ambazo ndo kikomo cha kawaida cha wiki, hatujapunguza hata dakika. Ovataimu yuko kwenye zamu kama wenzake, na siku ya ovataimu bajaji inamfikisha nyumbani kwa gharama ya ofisi. Dada wa kompyuta nilizungumza naye kabla ya kuandika, peke yake, maana kazi yake nayo inabadilika na yeye ana haki ya kukataa au kuomba chake. Aliomba viatu vya kufunika, akapewa.

Vifaa vya jua: kofia ya ukingo mpana mzunguko mzima, angalau sentimita 7 na nusu, shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa karibukaribu (lishike juu ya taa, ukiona vidole hilo ni chandarua), na mafuta ya kuzuia jua kiwango cha 30 kwenda juu. Mafuta yanapakwa upya kila baada ya saa mbili, na jasho la Mtwara unalijua, kwa hiyo dakika tano za kupaka ziandikwe kwamba ni muda wa kazi. Bila hivyo supavaiza atamhesabia kazembea.

Kuna ombi nilikataa. Aliomba asishike mzani kabisa saa za jua hata kama dada yule hayupo. Nilimwambia ukweli kwamba siku mwenzake anaumwa sina mtu wa tatu, siwezi kuahidi. Badala yake tukakubaliana siku hiyo atakaa mzani kwa vipande vya dakika 30, mi mwenyewe nampokea. Ukikataa kitu sema sababu, sema mbadala, na viandikwe vyote viwili, maana ombi lililokataliwa kimyakimya ndo linalokuja kurudi kama kesi.

Halafu wiki tatu za kujaribu.

Kuandika

Nimeona makubaliano ya aina hii yakiandikwa "mwajiri atampa mfanyakazi mazingira rafiki". Hiyo haina maana, hujui nani afanye nini Jumatatu. Kila mstari uwe na kazi gani, kinabadilika nini, nani anawajibika, kuanzia lini. Na ziwe karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya faili lake binafsi, ina maelezo ya afya kama yapo na anayetia sahihi ni yeye na mimi. Ya pili ni ya kazini, supavaiza anapata kopi, haina neno hata moja la afya. Taarifa za afya kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ni taarifa nyeti, huziachi kwenye meza ya supavaiza wala kuzirusha kwenye grupu la Wasapu la kazi.

Ya pili yetu ilikuwa hivi, nimetoa majina:

> MAKUBALIANO YA MAREKEBISHO YA KAZI
> Mfanyakazi: karani wa mzani. Yanaanza: 6 Oktoba. Yatapitiwa: 27 Oktoba, halafu 1 Desemba.
>
> 1. Kusoma mzani. Kioo kiwe usawa wa macho na chini ya kivuli. Mpakuaji anasoma kilo kwa sauti, karani anarudia na kuandika. Karani anaruhusiwa kutumia simu yake kupiga picha namba za mzani, picha zinafutwa mwisho wa siku. Mhusika: supavaiza wa zamu.
>
> 2. Karatasi za dereva. Karani anapokea na kubaki na nakala ya juu. Mhusika: mlinzi wa geti anawaelekeza madereva.
>
> 3. Sehemu ya kazi. Saa 1 hadi 4 asubuhi na saa 10 hadi 11 jioni: mzani. Saa 4 asubuhi hadi 10 jioni: ofisini. Mwenzake wa zamu asipokuwepo: mzani kwa vipande vya dakika 30, meneja wa ofisi anampokea.
>
> 4. Vifaa. Kofia ya ukingo mpana 2, mashati ya mikono mirefu 3, mafuta ya kuzuia jua kila mwezi. Dakika 5 kila saa mbili za kupaka mafuta ni muda wa kazi. Mhusika: meneja wa ofisi.
>
> 5. Ruhusa. Siku moja kila miezi mitatu, kwa malipo, haitolewi kwenye likizo ya mwaka. Anatoa taarifa wiki moja kabla.
>
> 6. Ovataimu. Anabaki kwenye orodha ya zamu kama wenzake. Siku ya ovataimu ofisi inalipia usafiri wa kurudi nyumbani.
>
> 7. Ombi lililokataliwa: kutoshika mzani kabisa saa 4 hadi 10. Sababu: hakuna mtu wa tatu wa zamu. Mbadala: kifungu cha 3.
>
> Mshahara, cheo na haki nyingine havipungui kwa sababu ya makubaliano haya. Supavaiza hawezi kuyabadilisha kwa mdomo. Upande wowote unaweza kuomba kikao cha kuyapitia, kitafanyika ndani ya siku 7.

Imechapwa kwa herufi saizi 18 nzito, kwenye karatasi isiyong'aa, maana ile inayong'aa inarudisha mwanga machoni. Nikamwachia aende nayo nyumbani siku mbili, akarudi na sahihisho moja: niliandika "kofia 1" na kofia ikilowa jasho lazima ifuliwe. Tukaweka mbili. Nikamsomea yote kwa sauti, akasaini, mzee akasaini kama shahidi, kopi yake kachukua palepale. Ile kopi yake muhimu kuliko yako. Desemba alikuja supavaiza mpya wa zamu, siku ya kwanza kamkuta ofisini saa sita akamuuliza nani kakuruhusu ukae ndani, dogo akatoa karatasi mfukoni akampa. Ikaishia hapo.

Kwa kuwa saa na sehemu yake ya kazi vimebadilika, mkataba nao lazima uguswe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yakibadilika uyarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi na umjulishe kwa maandishi, na uyatunze miaka mitano hata baada ya kazi kwisha. Mi niliandika barua ya mistari minne inayoitaja karatasi ya makubaliano, nikaibana kwenye mkataba. Ikija kesi na we huna maandishi, ni wewe unayebebeshwa kuthibitisha. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na ulemavu siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inataka mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Bosi wangu aliposikia hivyo alikoma kuiita misaada. Na kama ulemavu umetokana na ajali ya hapohapo kazini, hiyo peleka na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, usiimalize kwenye kikao peke yake.

Kuwaambia wengine

Muulize yeye nani aambiwe na aambiwe nini. Yetu ilikuwa sentensi mbili kwenye mkutano wa asubuhi: zamu ya mzani sasa ni ya kubadilishana, na namba zinasomwa kwa sauti. Basi. Kuna mmoja alilalamika kwamba na yeye anataka kukaa ofisini mchana, nikamwambia njoo Alhamisi tuzungumze kazi yako inakubana wapi. Hakuja.

Kupitia upya

Tarehe za kupitia ziweke kwenye kalenda siku ileile ya kusaini, bila hivyo hazifiki. Tarehe 27 nilienda na vitu viwili: kumbukumbu za makosa ya kilo, na macho yangu. Makosa yaliyobaki yalikuwa ya baada ya saa kumi jioni karibu yote, na hapo ndo tukagundua jua la jioni linaingia kwa pembeni chini ya kile kibati. Tukaongeza ubavu mmoja wa kibati.

Dalili kwamba makubaliano yamekufa huwa hazisemwi, unaziona tu. Kofia inaning'inia msumarini (wenzake wawili walikuwa wanamwita mzungu wa pwani, nilizungumza nao pembeni). Chupa ya mafuta haipungui. Shingo nyekundu Ijumaa. Kalamu ya buluu imerudi mezani. Anaanza kumwomba mwenzake amsomee kimyakimya. Ukiona mojawapo usingoje tarehe, mwite, na muulize lilelile, hapa inakuwaje na huwa unafanyaje.

Desemba yeye ndo alileta ombi. Macho yanachoka kwa zile saa zote za kwenye skrini, anataka dakika kumi kila baada ya saa mbili, na saa hizo za ofisini dakika za kupaka mafuta azitoe kwa kuwa yuko ndani. Tukaandika kifungu cha 8, tukafuta mstari mmoja wa cha 4 kwa saa za ofisini, tarehe, sahihi mbili, kopi mpya kwake na ile ya zamani akairudisha ili supavaiza asije akashika isiyo yenyewe.